Mkataba wa Saudia usomwe Bwera kabla ya kupanda ndege

Mfanyabiashara wa Mpondwe hanunui gunia la kahawa kwa kusikia. Hutia mkono ndani, hutoa punje, huuma moja kuona kama imekauka, kisha huuliza mzigo umetoka upande gani na nani ameufunga. Akivusha maharage kwenda Kasindi hutaka karatasi ya forodha yenye jina lake na uzito halisi, kwa sababu anajua kwamba mzigo ukikamatwa, kitakachomtetea ni karatasi. Lakini binti wa jirani anapoambiwa kuna kazi ya ndani Riyadh, ukaguzi huo wote husahaulika. Mtu amekutana na wakala kwenye duka la kitenge, ameonyeshwa picha za nyumba nzuri kwenye simu, na wiki ya pili ukoo unatafuta fedha za kumpa.

Habari hii inawahusu wafanyabiashara wa mpakani kuliko wanavyodhani. Mwenye duka ndiye mara nyingi hukopesha fedha za safari, ndiye mwenye simu nzuri ambayo msichana atapigia akifika, na ndiye mwenye mtu Kampala wa kumpokea. Pia ndiye wa kwanza kuulizwa afanye nini msichana anapopiga simu usiku akilia kwamba hapewi chakula, au kwamba kifua kinambana kwa sababu ya dawa za kusafishia choo. Jibu la swali hilo hutegemea mambo yaliyofanyika Bwera na Kasese kabla hajaondoka, na ndiyo sababu tunayaeleza hapa hatua kwa hatua, tukichukua kazi za ndani nchini Saudia kama mfano.

Mnyororo wa majina

Uganda na Saudia zilitia saini makubaliano ya wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2015. Januari 2016 serikali ya Uganda ilisimamisha kupeleka wasichana wa kazi huko baada ya malalamiko kuzidi, kisha mwaka 2017 ikafungua tena kwa masharti mapya. Kiini cha masharti hayo ni kwamba kila mtu anayeshiriki katika safari ya mfanyakazi aache jina lake mahali.

Njia halali huanzia kwa mwajiri. Mwenye nyumba wa Saudia huomba mfanyakazi kupitia mtandao wa serikali yao uitwao Musaned, na hulipa gharama kwa ofisi ya ajira ya nchini kwake. Ofisi hiyo hupeleka maombi kwa kampuni ya Uganda yenye leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Wizara huyapitia maombi na kuyaingiza katika mfumo wake uitwao EEMIS. Hapo ndipo mfanyakazi anapotafutwa, hupimwa afya, hupata cheti cha tabia njema kutoka Interpol, hupewa mafunzo ya kabla ya safari, na wizara humruhusu kuondoka.

Ukiutazama mnyororo huo utaona majina manne: mwajiri, ofisi ya Saudia, kampuni ya Uganda na mfanyakazi mwenyewe. Kampuni ya Uganda haipewi leseni mpaka iweke dhamana ya benki, ili likitokea jambo kuwe na fedha na mtu wa kuulizwa. Mfanyakazi akiumia au asipolipwa, wizara inaweza kuiita kampuni hiyo ijibu hata kama mwenye nyumba yuko mbali na hashiki simu.

Sasa linganisha na anayepelekwa kwa njia ya panya. Wakala humpandisha basi la usiku kupitia Busia au Malaba hadi Nairobi, na kutoka huko huruka kwa viza ya matembezi au kwa viza iliyoombwa na mtu asiyejulikana. Njia hiyo ilijaa watu hasa wakati milango rasmi ilipofungwa. Huyu naye anaweza kufikia nyumba ileile, mtaa uleule wa Riyadh, kwa mshahara uleule. Tofauti itaonekana siku ya shida, kwa sababu katika EEMIS hayumo, hakuna kampuni iliyoweka dhamana kwa ajili yake, na wakala wa sokoni atakuwa amebadilisha laini ya simu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala yeyote ni hili: unafanya kazi kwa niaba ya kampuni gani? Wakala wa kweli atataja jina kamili. Jina hilo hutafutwa katika orodha ya kampuni zenye leseni kwenye tovuti ya eemis.mglsd.go.ug, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kuifungua. Tazama jina herufi kwa herufi, kwa maana matapeli hupenda majina yanayokaribiana na ya kampuni zinazojulikana, na tazama kama leseni bado haijaisha muda. Kisha pigia ofisi ya kampuni uulize kama wakala huyo wanamjua. Ukiulizwa mahali pa kupata msaada wa ana kwa ana, afisa wa kazi wa wilaya yupo katika makao makuu ya wilaya ya Kasese, Rukoki.

Kwa ndugu zetu wa Kasindi, Beni na Butembo kuna neno la ziada. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 watu wa pande mbili za mto Lhubiriha wamezidi kuwa karibu, na tayari Lhukonzo na Kinande ni lugha za ndugu. Ukaribu huo humfanya wakala aone ni rahisi kumtengenezea msichana wa ng'ambo karatasi za Uganda kwa jina lisilo lake. Akiumia, ubalozi utamtafuta mtu ambaye hayupo, na mama yake mzazi hatakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba yule mgonjwa ni mwanawe. Hali ni hiyohiyo kwa binti wa Uganda aliyeongezewa umri ili atimize miaka 21 ambayo Saudia inaitaka kwa kazi za ndani.

Deni la Bwera humfunga mtu mdomo

Katika kazi za ndani za Saudia, gharama za kumpata mfanyakazi hubebwa na mwajiri. Ada ya ofisi, viza na tiketi ya ndege vimo katika maelfu ya riyali anayolipa mwenye nyumba kabla msichana hajaondoka Entebbe, na kanuni za Saudia zinakataza mfanyakazi kutozwa au kukatwa mshahara kufidia ada hizo. Kwa hiyo wakala anapodai mamilioni ya shilingi kwa ajili ya viza na tiketi, mojawapo ya mambo mawili ni kweli: ama kitu kimoja kinalipiwa mara mbili, au hakuna mwajiri aliyelipa chochote na hiyo kazi haipo.

Hasara yake hufika mbali kuliko fedha zenyewe. Tuchukue mfano. Dada mmoja anakopa shilingi milioni 3 kwa mkopeshaji wa sokoni kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Mshahara alioahidiwa ni riyali 900. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.75, hivyo riyali 900 ni dola 240, na tukibadilisha dola kwa shilingi 3,600 tunapata shilingi 864,000. Tuseme anatuma nyumbani 600,000 kila mwezi na kubaki na kidogo cha vocha na sabuni. Mwezi wa kwanza na wa pili hakuna kinachoingia, kwa sababu ni miezi ya kusubiri safari na kufanya kazi ya mwanzo. Deni limeshapanda hadi 3,630,000. Kuanzia mwezi wa tatu anaanza kulipa, na riba inaendelea kuhesabiwa juu ya kilichobaki. Deni litakwisha mwezi wa 12, naye atakuwa amelipa takriban milioni 5 na laki 8 na nusu kwa mkopo wa milioni 3. Mkataba wa kawaida ni wa miaka miwili, kwa hiyo karibu nusu yake amemfanyia kazi mkopeshaji.

Katika miezi hiyo 12 dada huyu hawezi kulalamika. Akiambiwa asafishe madirisha ya ghorofa ya tatu akiwa amesimama nje kwenye ukingo, atasimama, kwa kuwa akirudishwa nyumbani mwezi wa nne, ng'ombe wa baba au kiwanja vitauzwa. Mkopeshaji wa Bwera hajui kwamba riba yake inafanya kazi huko juu ya ukingo wa dirisha. Ukiombwa mkopo wa safari ya namna hii, uliza kwanza fedha zinakwenda kulipia nini na risiti itatolewa na nani.

Karatasi iliyoandikwa kutoka kulia

Mkataba wa Saudia huja kwa Kiarabu, na kandokando yake huwa kuna tafsiri, mara nyingi ya Kiingereza. Mtu aliyesoma hadi darasa la saba Karambi au Kisinga hukabidhiwa kurasa hizo asubuhi ya kuondoka na kuambiwa aweke sahihi pale chini. Hapo ndipo ahadi ya mdomo hubadilika. Aliyeambiwa atalea watoto wawili anakuta ni nyumba ya watu kumi na mmoja, na aliyeambiwa atakuwa mpishi hotelini anakuta karatasi inasema mfanyakazi wa nyumbani.

Omba nakala ya mkataba angalau siku chache kabla ya safari, uipeleke kwa mtu anayesoma Kiarabu. Kasese na Bwera kuna misikiti yenye walimu wa madrasa wanaoweza kusoma ukurasa mmoja mbele yenu na kuwaambia kilichomo. Mambo ya kuuliza ni machache: jina la mwajiri, mji, aina ya kazi, mshahara kwa mwezi, siku ya mapumziko na muda wa mkataba. Kisha mlinganishe na tafsiri ya Kiingereza. Vikitofautiana, rudisheni karatasi kwa kampuni kabla ya sahihi, maana mahakama na ofisi za Saudia hufuata Kiarabu.

Hata asiyejua kusoma Kiarabu anaweza kukagua mshahara, akizijua tarakimu zao. Maneno yao huandikwa kutoka kulia, lakini tarakimu husomwa kutoka kushoto kama zetu. Sifuri yao ni nukta ndogo. Tano yao ni duara, na kwa macho yetu inafanana na sifuri. Sita yao inakaribiana na saba yetu. Saba yao ni kama herufi V, na nane ni V iliyogeuzwa juu chini. Tisa inafanana na yetu. Basi 900 itaonekana kama tisa ikifuatwa na nukta mbili. Ukikuta V, kisha duara, kisha nukta moja, hiyo ni 750, na aliyekuahidi 900 ana swali la kujibu hapohapo ofisini kwake.

Kuhusu mazungumzo, watu wa mpakani wana akiba ambayo wengi hawajui kwamba wanayo. Kiswahili cha sokoni Mpondwe kimebeba maneno mengi yenye asili ya Kiarabu. Sita, saba na tisa, ishirini, thelathini hadi mia na elfu, yote yatatambulika. Hatari kwao ni khatar. Sumu ni summ. Dawa ni dawaa. Raha, kwao, ni mapumziko. Lakini yapo maneno yatakayokuchanganya. "Ana" kwao ni "mimi", kwa hiyo mwanamke akisema "ana maridha" amesema "mimi ni mgonjwa", wala hamsemi mtu mwingine. Na maneno ya lazima ambayo hayafanani na yetu yanapaswa kujifunzwa kabla ya safari: mustashfa ni hospitali, shurta ni polisi, jawaz ni pasipoti, ratib ni mshahara, sifara ni ubalozi, na maktab al-amal ni ofisi ya kazi. Yaandikwe kwenye karatasi ndogo kwa herufi zetu na kwa za Kiarabu, ili siku sauti ikikwama mtu aonyeshe kwa kidole.

Hatari iliyo kwenye chupa

Watu wakizungumzia usalama wa wasichana wa Saudia hutaja vipigo, na vipo. Lakini kuna hatari nyingine ya kila siku inayotokana na lugha tupu, nayo imo bafuni.

Nyumba za huko husafishwa kwa dawa kali. Kuna dawa ya kung'arisha yenye klorini, ile tunayoiita jiki. Kuna asidi ya kuondoa madoa ya choo na ya kuzibua mabomba. Kila moja peke yake hutumika vizuri mtu akivaa glavu na kufungua dirisha. Zikichanganywa hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Msichana aliyezoea jiki nyumbani anaona choo hakijang'aa, anaongeza chupa ya pili asiyoweza kusoma maandishi yake, mlango umefungwa, feni haifanyi kazi. Kwa dakika chache macho yanawaka, kikohozi kinaanza, kifua kinabana. Jiki na dawa yenye amonia, kama baadhi ya zile za kusafishia vioo, nazo hutoa gesi mbaya.

Kanuni ni moja: dawa moja kwa wakati mmoja, na maji mengi kati ya moja na nyingine. Chupa isiyosomeka ichunguzwe kwa picha. Dawa hatari nyingi huwa na alama ya mraba uliosimama kwa pembe, ukingo wake ni mwekundu. Ndani yake ukiona tone linamwagikia mkono na kipande cha chuma, dawa hiyo inachoma ngozi. Ukiona fuvu la kichwa, ni sumu. Gesi ikishatoka, toka nje ya chumba mara moja, acha mlango na madirisha wazi, vuta hewa safi, osha macho kwa maji mengi. Usirudi kumalizia kazi. Aliyevuta gesi nyingi anaweza kujisikia nafuu kisha akazidiwa saa kadhaa baadaye, mapafu yakianza kujaa maji, kwa hiyo anatakiwa aonwe na daktari hata kama kikohozi kimepungua.

Hapo ndipo majukumu ya mwajiri yanapoanza kuwa na maana. Kanuni za Saudia za wafanyakazi wa nyumbani, ambazo mpya zake zilianza kutumika Oktoba 2024, zinamtaka mwajiri asimpe mfanyakazi kazi inayohatarisha afya yake, amtibu akiugua, ampe mahali pa kulala panapofaa na amlipe kila mwezi. Saa za kazi zisizidi 10 kwa siku. Kwa wiki kuwe na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Mfanyakazi ana haki ya likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari. Mwajiri haruhusiwi kushika pasipoti yake, wala kumwazimisha kwa shemeji au jirani afanye kazi katika nyumba ya pili.

Kuna kikomo kimoja ambacho lazima kisemwe waziwazi. Wafanyakazi wa nyumbani hawamo katika sheria kuu ya kazi ya Saudia, inayowalinda watu wa viwandani na madukani. Wana kanuni zao za pekee, na nyumba ya mtu haikaguliwi kama kiwanda kinavyokaguliwa. Hakuna mkaguzi atakayebisha hodi kuuliza kama umelala saa ngapi. Kanuni itaanza kufanya kazi siku mtu atakapolalamika.

Kulalamika kwa mpangilio

Kosa linalowagharimu wengi ni kutoroka kwanza na kulalamika baadaye. Mfanyakazi akiondoka bila taarifa, mwajiri huweza kumripoti kwamba ametoroka, jambo ambalo huko huitwa hurub. Taarifa hiyo ikiingia, kibali chake cha kuishi huharibika, na aliyekuwa mlalamikaji anatafutwa kama mkosaji. Kama maisha yako yako hatarini, toka, lakini uende moja kwa moja polisi, hospitali au ubalozini, useme kilichotokea. Usiende kujificha kwa marafiki na kufanya vibarua vya siku. Kama hatari si ya papo hapo, lalamika ukiwa bado ndani ya nyumba.

Hatua ya kwanza ni kampuni ya Uganda iliyokupeleka. Iandikie kwa WhatsApp badala ya kupiga simu tu, kwa sababu ujumbe hubaki na tarehe na saa yake, na nyumbani wapelekewe nakala yake. Hatua ya pili ni huko Saudia kwenyewe: Wizara ya Rasilimali Watu ina simu ya malalamiko ya kazi, 19911, na mkataba wako unapatikana katika Musaned. Hatua ya tatu ni ubalozi wa Uganda, Riyadh. Wakati huohuo ndugu aliye Kasese anaweza kufungua lalamiko upande huu bila kumsubiri mfanyakazi arudi, kwa afisa wa kazi wa wilaya, Rukoki, au kwa idara ya ajira za nje ya wizara, Kampala.

Ujumbe wa malalamiko usiwe kilio peke yake. Ofisi inayopokea ujumbe wa "nisaidieni ninakufa" bila jina la mwajiri haina pa kuanzia. Kwa dada yetu wa mfano aliyevuta gesi na kunyimwa hospitali, ujumbe mzuri ungekuwa hivi:

"Mimi ni fulani, pasipoti nambari kadhaa. Nililetwa na kampuni fulani mwezi wa pili. Mwajiri wangu ni fulani, simu yake ni hii. Niko Riyadh, mtaa huu, nambari ya jengo hii. Jumanne saa nne asubuhi nilivuta gesi ya dawa za choo. Ninakohoa na kifua kinauma hadi leo Alhamisi. Nimeomba hospitali mara tatu, nimekataliwa. Ninaomba nipelekwe kwa daktari leo. Picha za chupa nimeziambatisha."

Ujumbe huo una nani, wapi, lini, nini na ombi moja. Nambari ya jengo haihitaji kujua Kiarabu: nyumba za miji ya Saudia zina kibao cha anwani ukutani chenye nambari ya jengo ya tarakimu nne, na kukipiga picha siku ya kwanza kabisa ni jambo la sekunde. Simu pia huweza kutuma mahali ulipo kwenye ramani. Fanya hivyo mapema, kwa maana simu ikinyang'anywa, ndugu wa Bwera watakuwa na anwani.

Aliyepita njia ya panya naye asikate tamaa. Polisi wa Saudia hawahitaji EEMIS kumtoa mtu anayepigwa, na ubalozi huhudumia raia wote. Upande wa nyumbani, kesi yake huenda polisi badala ya afisa wa kazi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2009 dhidi ya biashara ya binadamu inatoa adhabu ya hadi miaka 15 gerezani kwa anayemsafirisha mtu kwa udanganyifu ili akanyonywe, na haijalishi kwamba mtu huyo alikubali kwa hiari yake kusafiri. Wakala hawezi kujitetea kwa kusema "alikuja mwenyewe". Ila polisi watauliza ushahidi: risiti ya fedha kwa simu, ujumbe wa wakala, picha yake, jina la basi na tarehe. Fedha zilizotumwa kwa simu huacha alama, zilizokabidhiwa mkononi nyuma ya duka haziachi.

Bahasha ya dukani

Kutokana na hayo, kazi ya mfanyabiashara wa Bwera au Kasese inaweza kuelezwa kwa bahasha moja. Kabla msichana hajapanda gari, ndani ya bahasha kuwe na nakala ya pasipoti yake, nakala ya mkataba yenye kurasa zote za Kiarabu, nakala ya viza, jina na simu za kampuni ya Uganda, jina la ofisi ya Saudia, na jina na simu ya mwajiri. Akifika, ataongeza kwa simu picha ya kibao cha nyumba. Nakala moja ikae kwa wazazi, moja dukani, na picha zake zitunzwe katika simu mbili tofauti.

Mpatane pia neno la siri. Mwenye nyumba huweza kusimama kando wakati wa simu, au hata kumtaka msichana aseme kwa lugha anayoielewa. Neno la kawaida la Lhukonzo linalomaanisha kwamba mambo yameharibika, lililokubaliwa kabla ya safari, litapita bila mtu kushtuka. Na mpatane siku ya kuongea kila wiki. Siku hiyo ikipita mara mbili bila simu wala ujumbe, mwenye bahasha asisubiri ya tatu, aende Rukoki nayo.

Kama wakala anasema karatasi hizo zitapatikana "baada ya kufika", basi bahasha itabaki tupu. Mwenye kuombwa mkopo wa safari hiyo anajua la kufanya, kama anavyofanya kwa mzigo wowote usiokuwa na jina la aliyeufunga.